Siagi na Rangi ya Viatu

Kuna watu ambao wakiingia mahali huangalia nyuso. Kamanthe aliangalia kilichopinda. Kanisani jicho lake lilienda kwenye benchi lililotoka mstarini, na akialikwa kwa jirani, kabla hajaonja chai alikuwa ameshageuza vikombe vyote mishikio ielekee upande mmoja. Ugonjwa huo alitiwa na mama yake, aliyekuwa akiuza nyanya na maembe katika soko la Kola. "Nyanya iko na uso," mama alikuwa akisema, "na uso ndio unaonyeshwa mgeni." Binti akakua akitafuta uso wa kila kitu. Alipoajiriwa katika supamaketi ndogo ya Mutiso, kwenye barabara inayoshuka kutoka steji ya matatu ya Machakos, alijiona amefika kwao.

Haikuwa supamaketi ya kutisha mtu. Ilikuwa na safu chache za rafu, friji ya maziwa iliyonguruma kama paka aliyeshiba, na kaunta mbili za kulipia. Lakini ilikuwa na rafu moja ya mbele, ile inayomkabili mteja anapovuka mlango, na hiyo Kamanthe aliipanga mwenyewe. Wengine walipewa sabuni, wengine unga. Rafu ya mbele haikuguswa na mkono mwingine.

Na kila Jumatatu, milango ikiwa bado imefungwa, Mutiso alipita kati ya rafu na kikombe cha chai mkononi, Kamanthe kando yake na kikombe chake.

"Wiki hii mbele tuweke nini, Kamanthe?"

"Sukari na majani, Mzee."

"Kwa nini?"

"Si unaona mawingu yamekaa juu ya milima ya Iveti? Mvua ikishika, watu ni chai tu."

Mutiso alikuwa akicheka, akinywa, akisema, "Wewe ungeuzia samaki maji." Kamanthe hakuwa na mume wa kumsifu, wake alikuwa amekwenda Mombasa na kuoa huko. Maneno ya Jumatatu yalimtosha mpaka Jumatatu nyingine.

Ndipo akaja Mutanu.

Alitoka Athi River, alikokuwa karani wa stoo katika kiwanda cha nguo, na jioni alikuwa amesoma mambo ya kompyuta. Alikuwa kijana, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa akisikiliza, kama ndege anayesikia mdudu chini ya jani. Mutiso alimwajiri kushughulikia oda za mizigo, lakini haukupita mwezi akamwambia tajiri wake jambo lililomfanya asahau chai ikapoa.

"Mzee, kila risiti inayotoka kwa kaunta inabaki ndani ya mashine. Kila risiti ni kikapu cha mtu mmoja. Mimi naweza kuuliza hivyo vikapu vyote: ni vitu gani vinatembea pamoja? Vile vinatembea pamoja, tunaviweka karibu, ama tunaweka kimoja mahali kinamkumbusha mtu kingine."

"Na mashine inajua hivyo?"

"Mashine haijui kitu. Inahesabu tu."

Jumatatu iliyofuata Kamanthe alitoka jikoni na vikombe viwili, akawakuta Mutiso na Mutanu wamesimama mbele ya friji, Mzee na kikombe mkononi tayari. Msichana alikuwa amemtangulia kwa birika. Kamanthe alisimama na vikombe vyake vikitoa mvuke. Kisha akarudi jikoni akavinywa vyote viwili, amesimama, bila sukari.

Wivu haupigi hodi. Uliingia kwa Kamanthe kama panya anavyoingia ghalani: humwoni, lakini asubuhi unakuta magunia yamefunguka. Alianza kuona namna Mutanu alivyofunga nywele, akaichukia. Alianza kusikia namna alivyosema "Mzee", ile e ya mwisho akiivuta kidogo, na akajiuliza tangu lini neno hilo lilikuwa refu hivyo. Hata Ndanu wa kaunta, ambaye kwa kawaida alimcheka kila mtu, alimsifu.

"Dada Kamanthe, huyu msichana ana kichwa! Juzi ameniambia watu wananunua kiberiti wakinunua mafuta ya taa."

"Hilo alikuwa anataka kompyuta?" Kamanthe akajibu. "Angemuuliza mbuzi."

Ndanu akacheka mpaka mteja akamgongea kaunta. Kamanthe hakucheka.

Siku moja alipata nafasi ya kumcheka mwenyewe uso kwa uso. Mutanu alikuwa ameketi ofisini, katika kile chumba cha nyuma chenye magunia ya unga, na kwenye kioo cha kompyuta majina ya bidhaa yalishuka mawili mawili. Kamanthe akasoma begani kwake: maziwa na mfuko, unga na mfuko, sabuni na mfuko. Ilikuwa mifuko ya kitambaa ya kubebea, iliyouzwa pale kaunta.

"Ai, mwalimu," akasema. "Kwa hivyo tujaze duka mifuko?"

Mutanu hakukasirika. Aliinamisha kichwa. "Ndiyo maana hiyo naitoa, dada. Karibu kila mtu ananunua mfuko. Mfuko unaenda na kila kitu, kwa hivyo hauendi na chochote. Siangalii vitu viwili vimeonekana pamoja mara ngapi peke yake. Naangalia kama vimeonekana pamoja mara nyingi kuliko vile vingekutana kwa bahati tu."

"Sema Kiswahili."

"Tuseme katika kila risiti kumi, moja iko na asali. Sasa chukua tu zile risiti ziko na ndimu. Kama hata huko asali iko kwa moja kati ya kumi, basi ndimu haijali asali, zimekutana tu kama watu kwa foleni. Lakini kama iko kwa nne kati ya kumi, hapo ndimu inaita asali. Ni mara nne ya ile bahati."

Kamanthe alielewa. Hilo ndilo lililomuuma. Alielewa mara moja, kwa raha, kama mtu anayesikia wimbo aliokuwa akiuvumisha maisha yake yote ukiimbwa kwa maneno. Mvua inaita chai. Ndimu inaita asali. Na maneno hayo yalikuwa ya mwingine.

Akarudi kwenye rafu yake.

Katikati ya Agosti Mutiso akatangaza, mbele ya wafanyakazi wote, kwamba shule zikifunguliwa rafu ya mbele itapangwa kwa kufuata risiti. "Tutajaribu kwa mwezi mmoja," akasema. "Ikikubali, Mutanu ataishika rafu ya mbele. Ikikataa, inarudi kwa Kamanthe. Hakuna ubaya."

Hakuna ubaya! Kamanthe aliangalia rafu yake jinsi mtu anavyomwangalia mtoto wake akiwa amebebwa na mwanamke mwingine, na mtoto anacheka.

Siku mbili baadaye Mutanu alimfuata kwenye safu ya sabuni. Alikuwa na karatasi, na uso wa mtu aliyeokota kitu asichokijua.

"Dada Kamanthe, naomba unisaidie. Wewe umekaa na hawa watu miaka. Nimepata vitu viwili vinaoana sana, lakini sielewi ndoa yenyewe."

"Vitu gani?"

"Siagi na rangi ya viatu."

Kamanthe akabaki na kipande cha sabuni mkononi.

"Rangi nyeusi, kile kikopo kidogo cha shilingi sitini," Mutanu akaendelea. "Iko kwa risiti moja kati ya kumi. Hiyo peke yake ni nyingi kwa rangi ya viatu. Lakini kwa wale wananunua siagi, iko kwa nne kati ya kumi! Na maziwa pia. Nimeangalia Mei, Juni na Julai, ni hivyo hivyo. Nimefikiri nimekosea hesabu, nikarudia. Inakuja akilini kwako?"

Ilimjia akilini kabla ya yule msichana kumaliza kusema.

Ili kulielewa hilo, ni lazima kumjua Masila. Masila alikuwa mwokaji wa Kola, mtu wa tanuri la matofali na mikono yenye makovu ya moto, na mkate wake mzima usiokatwa ulifika dukani kila asubuhi kwa bodaboda, ungali na joto, ndani ya karatasi tupu ya kaki, na Kamanthe akaupanga kando ya friji, karibu na siagi. Haukuwa na mistari ile ya kusomwa na mashine. Mutiso hakuununua, Masila aliuacha uuzwe, na kesho yake alilipwa kwa iliyouzwa na kubeba iliyobaki. Mashine za kaunta zilipoletwa, fundi aliingiza kila bidhaa isipokuwa huo mkate. Aliahidi kurudi. Hakurudi. Wateja wakawa wanasimama na mkate mkononi, mashine haiujui, foleni imefika mlangoni. Ndipo Kamanthe, aliyekuwa amemshikia mtu kaunta mchana huo, akatazama huku na huku akaona kikopo cha rangi ya viatu. Bei yake ilikuwa sawasawa na ya mkate. Akakipitisha kwenye mashine mahali pa mkate, ikalia tii, foleni ikasogea.

Tangu siku hiyo kikopo kilikaa kando ya droo. Pesa hazikupungua wala kuzidi, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Bei ya kimoja ikipanda, Kamanthe alihakikisha na cha pili kinapanda. Mwisho wa mwezi kompyuta ilipodai kwamba rangi ya viatu imeuzwa zaidi kuliko ilivyonunuliwa, yeye ndiye aliyehesabu vikopo vya rafuni na kuisahihisha, na Mutiso hakuona haja ya kujua. Maandishi ya kikopo yalifutika kwa kushikwashikwa, ikabaki ile mistari tu. Wasichana wa kaunta waliokuja nyuma walikiita mkate. "Nisukumie mkate," Ndanu alikuwa akimwambia mwenzake, na mwenzake akimsukumia kikopo. Kwenye risiti kiliandikwa kwa herufi za mkato ambazo hakuna mteja aliyewahi kuzisoma, maana watu huangalia jumla tu.

Kwa hiyo siagi haikuwa imeolewa na rangi ya viatu. Siagi ilikuwa imeolewa na mkate, kama ilivyo dunia nzima. Neno moja tu kutoka kwa Kamanthe lingetosha.

Akamwangalia Mutanu. Aliuona ule uso ulioinama, ukimngoja, ukimwamini. Akaona pia, akilini, lile birika la chai.

"Ni watoto wa shule," akasema, na akashangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa laini. "Mzazi akitoka kazini anapitia vitu vya asubuhi. Maziwa, siagi. Anakumbuka viatu. Si unaona vumbi ya huku? Mtoto akienda shule na viatu vyekundu, mwalimu anamrudisha."

Uso wa Mutanu ukafunguka. "Ngai! Ni ukweli! Vitu vya asubuhi!" Akamshika mkono. "Asante, dada. Singejua. Hiyo kompyuta haiwezi kuniambia kwa nini."

Kamanthe akageuza kipande cha sabuni, akakiweka uso mbele. Mkono ulioshikwa ulimwasha mpaka jioni.

Shule zikafunguliwa. Mutiso, aliyeipenda hadithi ya viatu kuliko hata Mutanu, aliagiza rangi kwa katoni. "Mimi mwenyewe nimerudishwa nyumbani kwa sababu ya viatu!" alikuwa akiwaambia wateja, akiinua mguu. Rafu ya mbele ikapangwa vikopo vyeusi vinavyong'aa upande mmoja, na upande wa pili, mbali kidogo ili harufu isiingiliane, siagi. Bango likaandikwa kwa mkono: TAYARI KWA ASUBUHI. Na kwa kuwa nafasi kando ya friji ya maziwa ilitakiwa kwa vikopo vingine, mkate wa Masila ulihamishiwa mwisho wa duka, nyuma ya ndoo na mifagio.

Kamanthe hakulitegemea hilo. Alikuwa ameuona mtego. Hakuona nani mwingine anapita njia hiyo.

Mwanzoni alifurahi, tusimfichie. Alipita mbele ya vile vikopo kila asubuhi na moyo wake ukapiga ngoma ndogo. Watu waliingia, wakasoma bango, wakatabasamu, wakapita. Mama mmoja alinusa na kusema, "Huku kunanuka kama bweni." Ndanu akamrushia Kamanthe jicho kutoka kaunta. Kila katoni iliyobaki imefungwa ilikuwa kwake kama zawadi.

Lakini alimwona pia Masila. Kila asubuhi mwokaji alikuja na mkate wenye joto, na kila asubuhi alibeba mwingi zaidi wa jana uliobaki. Hakulalamika. Alisimama karibu na mifagio akiushika mmoja mmoja.

"Kamanthe," akamwambia siku moja, "mkate wangu umekosea nini?"

"Haujakosea, Masila. Ni mambo ya rafu."

"Kwa sababu nimebadilisha unga, nikafikiri labda watu wameonja." Akacheka kidogo, akaupangusa mkono kwenye suruali. "Nirudishe ule wa zamani?"

"Usirudishe."

"Mke wangu anasema tupunguze. Tukipunguza tena, tanuri haitalipa kuni."

Kamanthe alimfahamu tangu soko la Kola. Meza ya mama yake ilikuwa imepakana na ya mama yake Masila. Akataka kuuchukua mkate wote mikononi na kuurudisha kando ya friji. Lakini kuurudisha kulikuwa ni kusema, na kusema kulikuwa ni kumpa yule msichana kila kitu, chai na rafu na uso wa Mzee. Akaufunika mkate karatasi vizuri, basi.

Wiki zikasogea. Mutanu alianza kukonda usoni. Alikuwa akikaa ofisini akiangalia kioo, akirudi mbele kuangalia rafu, akirudi tena ofisini. Asubuhi moja ya Jumapili Kamanthe aliingia kuchukua bei mpya za sukari akamkuta ameshika kichwa.

"Inapungua," Mutanu akasema, bila kuinua macho. "Dada, nimeitoa nyuma nikaiweka mbele, kila mtu anaiona, na kwa risiti inapungua. Ningeelewa kama ingebaki vile ilikuwa. Lakini ipungue? Kitu kinawezaje kuuzwa kidogo kwa sababu kimeonekana?"

Kamanthe alijua kinawezaje. Mkate uliokwenda kujificha nyuma ya mifagio ulikuwa umekichukua kikopo ukaenda nacho.

"Kesho ni Jumatatu," Mutanu akasema. "Nitamwambia Mzee nimemharibia pesa. Nitamwambia arudishe rafu kwako." Akainua macho, na yalikuwa na maji. "Si yako hata hivyo. Mimi huiangalia vile uliipanga, nasema, huyu anaona bila kuhesabu. Nilitaka tu na mimi nionekane nimefanya kitu."

Ilikuwa ndiyo siku Kamanthe aliyoisubiri. Ilikuwa imekuja kwa miguu yake yenyewe, ikapiga magoti. Akangoja furaha imfikie, kama mtu anayeweka mkono chini ya bomba na kufungua. Bomba likatoa hewa.

Kwa sababu alikuwa ameshaisikia sentensi hiyo ya mwisho. Aliisema mwenyewe, kila Jumatatu, kwa miaka, bila maneno, na kikombe mkononi.

Saa ya chakula alimshikia Ndanu kaunta. Foleni ilikuwa fupi. Mutanu akaja wa mwisho, na mkononi alikuwa na pakiti ya maziwa, kopo dogo la siagi, na mkate wa Masila aliouchimba nyuma ya mifagio, maana huo ndio alioupenda tangu aje Machakos.

Kamanthe angeweza kufanya alivyofanya kila mara, kikopo kikiwa ndani ya kiganja, haraka, tii. Hakufanya hivyo. Alipitisha maziwa. Alipitisha siagi. Kisha akaushika mkate kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akakiinua kile kikopo kilichofutika maandishi, juu, mahali ambapo hata kipofu angekiona. Akakipitisha polepole. Mashine ikalia. Akakata risiti, akampa.

"Isome," akasema.

"Nini?"

"Isome, Mutanu. Usiangalie jumla."

Mutanu akasoma. Midomo yake ilisogea. Akarudi juu, akasoma tena. Akaangalia mkate. Akaangalia kikopo.

"Sijanunua rangi ya viatu."

"Kila mtu anayekula mkate wa Masila ananunua rangi ya viatu. Tangu mashine ziletwe."

Mutanu aliinamisha kichwa upande, na Kamanthe aliweza kuiona hesabu nzima ikitembea ndani ya macho yake: moja kati ya kumi, nne kati ya kumi, siagi, maziwa, vitu vya asubuhi. Kisha hesabu ikafika mwisho, ikagonga kitu kingine.

"Nilikuja kukuuliza," Mutanu akasema. "Kwa safu ya sabuni."

"Ulikuja."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua kabla hujamaliza kuongea."

"Mimi nimekukosea nini?"

Kamanthe alitafuta kosa. Alitafuta katika nywele, katika ile e ndefu, katika birika. "Chai," akasema mwishowe, na neno lilipotoka lilikuwa dogo mno, kama mbegu unayoitema ukashangaa ndiyo iliyokusumbua jino. "Ulimpelekea Mzee chai."

Mutanu akaikunja risiti. "Yeye ndiye aliniambia nimletee," akasema. "Mimi hata sipendi chai."

Akachukua mkate wake akaenda.

Jumatatu Kamanthe alimwambia Mutiso mwenyewe, kabla Mutanu hajafungua mdomo, amesimama mbele ya katoni. Alikieleza kikopo, akaeleza na jibu alilolitoa kwenye safu ya sabuni. Hilo la pili ndilo lililomfanya Mzee aweke kikombe chini.

"Kikopo ningekisamehe," Mutiso akasema. "Kikopo ni shida ya kazi, na mimi ndiye sikumtafuta fundi. Lakini umeona mwenzako anaelekea shimoni ukamwonyesha njia."

"Ndiyo, Mzee."

"Na Masila?"

Kamanthe aliangalia mifagio ya mwisho wa duka.

"Utakaa kaunta mpaka Krismasi ipite. Rafu zote, Mutanu. Hata ya mbele."

Ndanu, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya nguzo, alikishika kile kikopo akakigeuza. "Kumbe ni ya viatu!" akasema. "Mimi miaka hii yote nilijua ni ya mkate." Hakuna aliyecheka, kwa hiyo akacheka peke yake.

Fundi akaitwa; mkate wa Masila ukapewa jina na namba yake ndani ya mashine, na karatasi ya kaki ikabandikwa kibandiko chenye mistari. Ukarudi kando ya friji. Baada ya majuma kadhaa Mutanu alizihoji risiti upya, na karatasi akaibandika ofisini kila mtu aione. Juu kabisa: mkate wa Masila na siagi. Rangi ya viatu haikuonekana popote. Ilipoachwa peke yake ilikuwa haipendani na mtu.

"Lakini sijui," Mutanu alimwambia Mutiso, na Kamanthe akasikia kutoka kaunta. "Labda watu wanavichukua pamoja kwa sababu Kamanthe aliviweka pamoja tangu zamani. Risiti inasema vinatembea pamoja. Haisemi nani alivishikanisha mikono."

Hayo aliyasema bila kumwangalia. Hakuwa akimtazama siku hizo, wala kumwita dada.

Kamanthe alikaa kaunta akijifunza kuupitisha mkate wenyewe. Mkono wake ulibaki na mazoea. Mara nyingi ulikwenda kando ya droo, ukakuta patupu, ukarudi. Masila alipita asubuhi na kreti tupu, akimsalimu kwa furaha, na hakujua lolote, na furaha hiyo Kamanthe aliibeba kama mzigo. Wivu nao haukuhama. Kila Jumatatu ulikaa naye kwenye kiti cha kaunta, ukatazama pamoja naye Mzee na Mutanu wakipita kati ya rafu, mmoja na chai, mwingine na maji. Ila sasa aliujua jina, na kitu chenye jina hakikuumi gizani.

Kilichomtesa zaidi kilikuwa rafu ya mbele. Kutoka kwenye kiti chake aliiona yote. Mutanu alikuwa ameweka siagi na jamu na majani ya chai, chaguo zuri, chaguo ambalo yeye mwenyewe angelifanya. Lakini makopo yalitazama kila upande, moja mlangoni, jingine ukutani, jingine limempa mteja mgongo. Nyanya bila nyuso. Siku nzima Kamanthe alipokea pesa na kurudisha chenji na meno yake yakiuma.

Jioni moja ya Novemba, wateja wakiwa wamekwisha na Ndanu akifagia, hakuweza tena. Alikwenda kwenye ile rafu, akanyoosha mkono, akaligeuza kopo moja la siagi. Moja tu.

Alipogeuka, Mutanu alikuwa amesimama nyuma yake na funguo mkononi.

Kamanthe alilirudisha lile kopo lilivyokuwa.

"Mimi siwezi hiyo," Mutanu akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kukasirika lakini bado hajamaliza. "Nimejaribu. Nikimaliza zinapinda."

"Hazipindi. Unaanza katikati. Anza kwenye pembe."

Mutanu alifikiri. Akaangalia rafu, akaangalia saa ya ukutani, akazitia funguo mfukoni.

"Moja halitasaidia," akasema. "Uache zote, ama ugeuze zote."

Kamanthe akapiga magoti penye rafu ya chini, kwenye pembe, akaanza. Baada ya muda akasikia makopo ya rafu ya juu nayo yakigeuka, moja moja, taratibu, kwa mkono usioyazoea.